MREJESHO: Gurudumu la ladha na kahawa ya Nyeri

Niliuliza: "Nikinywa kahawa naona 'chachu' tu. Gurudumu la ladha linasaidiaje mtu anayeanza?"

Wakuu, asanteni. Nimelijaribu lile la mwaka 2016, yaani mchoro wa duara wenye majina ya ladha za kahawa, makundi makubwa katikati na ladha mahususi ukingoni, kwa kahawa ya Nyeri iliyokaangwa kidogo.

Mliosema nianzie katikati mlikuwa sahihi. Pale kuna makundi tisa tu, kwa hiyo swali linakuwa jepesi: hii ni tunda, ua, karanga na kakao, viungo, au nini? Nikasubiri kikombe kipoe hadi vuguvugu, maana ikiwa moto sana ulimi haupati kitu. Nikachagua tunda. Hatua ya pili: matunda jamii ya beri, yaliyokaushwa, ya jamii ya machungwa, au mengine? Uchachu ulikuwa mkali na safi, hauna harufu ya siki, basi jamii ya machungwa. Ukingoni nikakwama kati ya limau na balungi. Nikakata yote mawili, nikanusa na kulamba, kisha nikarudi kwenye kikombe. Ule uchungu mdogo wa mwishoni ukaamua: balungi.

Beri nimeziacha. Sijawahi kula rasiberi, siwezi kudai naionja. Badala yake nimeandika "zambarau" pembeni, ingawa kwenye gurudumu haipo, na sioni ubaya wowote.

Ila halikuambii kahawa ni nzito au nyepesi mdomoni, wala kama ni nzuri. Hayo naandika mstari wa pili.