Tupeane uzoefu: salamu za sikukuu kwa wateja wa dini tofauti, mnafanyaje?

Wakala_Ilala
Habari zenu wakuu. Mi ni wakala wa bima za magari na maduka, wateja wangu wako Kariakoo, Upanga, Kisutu mpaka Mbezi huko, ni mchanganyiko kwelikweli, Wasuni, Bohora, Ithnaasheri, Wahindu, Wakatoliki, Walokole, Wasabato. Salamu za sikukuu nazipa uzito kwa sababu mtu anakuja ofisini mara moja kwa mwaka kukata bima na hapo katikati hiyo salamu ndo kitu pekee kinachomfikia toka kwangu bila mimi kutaka hela.

Nianze na Idd el Fitr. Sitegeshi meseji ijitume yenyewe. Siku ya 29 ya mfungo jioni naiandaa halafu nasubiri tangazo la Mufti, maana mwezi usipoonekana mfungo unakamilisha 30, na ile Idd Mubarak iliyotegeshwa asubuhi inamkuta mtu na swaumu yake. Na kuna wanaofuata mwezi wa kimataifa, mwaka mwingine wameshasali jana yake. Kwa hiyo ndani ya meseji siweki "leo" wala "kesho". Naandika hivi tu: "Idd Mubarak Bi Zuhura. Mungu azipokee funga zenu na awape afya wewe na watoto. Ni mimi wa bima, Ilala." Hakuna nembo, hakuna ofa, hakuna "kumbuka bima yako inaisha". Hiyo ya kuisha inaenda siku nyingine kabisa, hata kama inaisha kesho yake bora nimpigie simu kabla ya sikukuu.

Haya na nyie mnafanyaje?

Fundi_Friji
Dada unajipa kazi. Mi nina meseji moja tu ya Desemba, "Heri ya sikukuu na mwaka mpya", inaenda kwa wote. Mwaka mpya ni wa kila mtu. Ya Idd natuma kwa kuangalia majina kwenye simu, Juma, Hamisi, Asha, unajua tu hapo.

Mnyamwezi_Mbagala
Kaka Fundi mimi ndo huyo Juma na ni Mkatoliki wa kubatizwa, huko kwetu Tabora Juma ni jina la yeyote. Kila Idd kuna duka moja la vipuri linanitumia "Mungu azipokee funga zako". Sikasiriki, naitikia amina, ila nimenunua pale miaka na miaka na ile meseji inaniambia hawanijui. Pasaka hawajawahi kunikumbuka hata mara moja.

Mtaa_wa_India
Naongezea upande wetu Bohora, kwa sababu hapo juu dada kasema vizuri lakini kwetu ni tofauti kidogo. Sisi kalenda ni ya hesabu, hatusubiri kuona mwezi, Ramadhani yetu ina siku 30 kila mwaka na tarehe ya Idd tunaijua mapema sana. Mara nyingi inatangulia hiyo ya Mufti kwa siku moja au mbili. Sasa salamu ikija siku ya tangazo sisi tumeshakula na vyombo vimeoshwa. Mteja wako Bohora muulize tu mwanzoni mwa Ramadhani "Idd yenu mwaka huu lini?", atakwambia palepale na atafurahi umeuliza. Kwa hao hata ukitegesha meseji hutakosea.

Wakala_Ilala
Asante sana kaka, hiyo ya kuuliza mwanzoni mwa Ramadhani naianza mwaka huu, nilikuwa nawatumia mapema kwa kukisia.

Binti_Ithnaasheri
Kuna kitu kinaniuma kila mwaka niseme hapa. Mwezi wa Muharram ukiingia makampuni yanatuma "Heri ya mwaka mpya wa Kiislamu" na maua na fataki. Kwetu Mashia siku hiyo ndo tunaingia msibani. Tunavaa nyeusi, kila usiku kuna majlisi imambara mpaka tarehe 10, Ashura, siku aliyouawa Imam Husein kule Karbala mwaka 680. Harusi hatufungi, nguo mpya hatununui. Baba yangu ana duka la vitambaa, mwaka jana alipokea ya fataki saa tatu usiku akiwa ndo katoka majlisi. Hakusema kitu, aliweka simu mfukoni.

Mnaouliza mtume nini, andikeni kama mnavyoandika kwa mfiwa. "Tuko nanyi katika siku hizi za majonzi ya Imam Husein." Hiyo inatosha na watu wanaikumbuka. Msipokuwa na uhakika kama mteja ni Shia basi Muharram yote nyamazeni, hakuna atakayelalamika kukosa salamu ya mwaka mpya.

Katekista_Mbezi
Hata sisi Wakristo jamani, Ijumaa Kuu si siku ya "heri" na picha za vifaranga. Mpaka Jumamosi usiku bado tuko kwenye mateso. Tuma Jumapili asubuhi, "Heri ya Pasaka, Kristo amefufuka" ukiwa Mkristo mwenzangu, au "Heri ya Pasaka" tu kama si Mkristo, nami napokea vizuri.

Mama_Keki_Tabata
Samahani nimechelewa, mimi keki ndo kazi yangu. Mnapeleka nini Diwali? Nina mteja Mhindu nilitaka kumpelekea keki ya matunda.

Kisutu_Vitabu
Mama Keki mada ni salamu ila ngoja nikujibu. Muulize kwanza kama anakula mayai, Wahindu na Wajaini wengi hapa Kisutu hawali, keki yako itaishia kwa mlinzi. Mithai ya dukani kwao ni salama zaidi.

Kwenye salamu zenyewe, sisi Wagujarati siku inayofuata Diwali ndo mwaka mpya, tunaambiana Saal Mubarak. Ukimwandikia mzee Mgujarati "Saal Mubarak" siku hiyo anajua umejua. Diwali ndo tunabariki madaftari mapya ya hesabu, maduka mengine yanafunga mpaka siku ya tano. Kwa hiyo tafadhalini msidai deni siku hizo, wala msipige simu kuuliza oda. Subiri daftari lifunguliwe.

Afisa_Masoko
Mi natuma meseji za jumla za kampuni, niseme vitu viwili. Kwanza ukiweka imoji meseji moja inashuka toka herufi 160 hadi 70, unalipia mbili au tatu bila kujua. Pili ile safu ya "dini" kwenye faili la wateja iondoeni, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu imani ya mtu kuwa taarifa nyeti.

Wakala_Ilala
Sasa bila kuandika popote nitakumbukaje watu wote hawa? Mi nimeandika "anasherehekea Navroz 21 Machi", sijaandika dini.

Afisa_Masoko
Dada ni kilekile tu, anayesoma anajua ni Mwismailia. Muombe ruhusa mwenyewe, "nikukumbuke sikukuu gani?", akikujibu andika alichosema yeye. Asiyejibu muache. Nina wateja Mashahidi wa Yehova wawili watatu, walisema wazi hawasherehekei Krismasi, nawatumia ya kuwashukuru tu mwezi wowote.

Fundi_Friji
Hapo nimeelewa. Ila swali, mimi Mlokole nikimwandikia Mwislamu nianze na Assalaam alaykum au nisianze? Jirani yangu mmoja anapenda, mwingine aliniuliza lini nimesilimu.

Binti_Ithnaasheri
Anza na shikamoo kama ni mkubwa. Mimi hiyo salamu toka kwa Mkristo napenda, lakini mama yangu hapendi, na tunakaa nyumba moja.