Benki imebadili mfumo na namba ya akaunti, hela ya kikundi imezidi 850,000. Nianzie wapi?

Mhazina wa Kihonda
Habari za leo wakuu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Morogoro. Benki yetu (sitaitaja) ilihamia mfumo mpya Jumamosi na Jumapili ya tarehe 15 na 16 Machi 2025, na namba ya akaunti ikatoka tarakimu 10 ikawa 13.

Ijumaa tarehe 14 jioni tulikuwa na 18,462,500, na stetimenti mpya imeanza na salio hilohilo. Ila tarehe 31 daftari langu linasoma 18,161,000, benki wanasoma 19,011,000. Muamala wa 850,000 nimeutafuta juu na chini, haupo. Halafu kuna hundi ya 480,000 imetoka na namba nisiyoifahamu kabisa.

Swali langu ni dogo tu: naweza kuandika 850,000 kama "marekebisho ya benki" ili vitabu vilingane? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi. Natanguliza shukrani.

Chawa Mstaafu
Wengine benki inatukata hadi pumzi, wewe inakuongezea halafu unalalamika. Nipe hiyo namba ya tarakimu 13 nikusaidie kubeba mzigo 😂

Mzee wa Daftari
Kijana, tofauti yoyote igawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda mtu amegeuza tarakimu, kwa mfano 540 imeandikwa 450. Ikikataa, igawe kwa 2 kisha utafute muamala wa kiasi hicho ulioingia upande usio wake. Na kama salio la mwisho la zamani na la kwanza la mfumo mpya yanalingana, benki haina kosa. Kosa liko kwenye daftari lako.

Mhazina wa Kihonda
Shikamoo mzee. Kwa 9 imekataa. Kwa 2 ni 425,000, na muamala wa kiasi hicho sina.

Binti Maziwa
Mimi walivyonibadilishia namba sikumwambia mwajiri. Mshahara ukaenda akaunti ya zamani, ukarudi kwa mwajiri, mhasibu akaniambia nisubiri mwezi unaofuata. Nilikula ugali na chumvi. Kaka, wape watu wote namba mpya, na za kukatwa mkopo pia.

Mhazina wa Kihonda
Pole dada, ila namba tulishawapa wote.

Kaunta ya Nyuma
Nimefanya usuluhisho wa akaunti benki kwa muda mrefu na nimepitia kuhama mifumo. Mzee ana haki yake, hesabu ya 9 na ya 2 ni nzuri, lakini inafanya kazi pale kosa likiwa moja. Baada ya kuhama, makosa huwa mawili matatu, moja linaongeza na jingine linapunguza, wewe unaona kilichobaki tu. Kwa hiyo acha kutafuta 850,000. Haipo.

Salio la Ijumaa kulingana na la kwanza la mfumo mpya kunathibitisha kwamba salio limehamishwa salama. Hakusemi lolote kuhusu Jumamosi na Jumapili, mfumo wa zamani ukiwa umefungwa na mpya haujafunguliwa. Wakala na simu hazilali siku hizo, miamala inawekwa kwenye foleni halafu inamwagwa Jumatatu. Hapo ndipo mambo huharibika.

Usilinganishe kwa namba za miamala, maana zimebadilishwa. Linganisha kwa kiasi na tarehe. Na tarehe yenyewe iwe ile ya safu ya Value Date, siku hela ilipotolewa au kuwekwa kweli. Ukifuata tarehe ya kuingizwa, utakuta kila kitu ni cha Jumatatu tarehe 17. Tuwekee mistari ya kuanzia tarehe 15, majina yafute.

Na hiyo hundi, kiasi chake unakijua?

Mhazina wa Kihonda
Ndiyo, tarehe 24 tulimlipa fundi hundi ya 480,000, namba 000217. Benki wameandika namba ndefu ya ajabu.

Kaunta ya Nyuma
Basi hiyo ni hundi yako, imepewa namba mpya tu. Omba nakala ya picha ya hundi uone 217 imeandikwa, ukimaliza itie alama ya vema na uachane nayo. Wengi hapa hufanya kosa la kuiandika kama malipo mapya, halafu wanaacha 217 ikielea kama hundi ambayo haijalipwa. Wanajitoza mara mbili kwenye vitabu vyao wenyewe.

Mhazina wa Kihonda
Mistari ya wiki ile ni hii:

```
POSTING   VALUE     REF              KIASI
17/03/25  15/03/25  MIG0315004471    1,200,000
17/03/25  15/03/25  FT25076K8Q2M     1,200,000
20/03/25  20/03/25  FT25079B31XD    -2,000,000
22/03/25  22/03/25  FT250817WPC4       640,000
```

Baadaye kuna hundi ya 480,000 na makato ya 11,500. Basi.

Mswahili wa Leicester
Hata huku yapo. Aprili 2018 benki ya TSB hapa Uingereza walihamisha wateja kwenda mfumo mpya, watu wakafungiwa nje ya akaunti na wengine wakaona akaunti za wenzao. Desemba 2022 wakapigwa faini ya zaidi ya pauni milioni 48. Mkishtaki mtalipwa vizuri.

Chawa Mstaafu
Mkuu wa Leicester, huku ukishtaki unalipa nauli ya kwenda mahakamani.

Kaunta ya Nyuma
Jibu liko wazi mistari miwili ya juu. Kiasi kimoja, Value Date moja, namba mbili tofauti. Ya MIG imeletwa na mzigo wa kuhamishia. Ya FT imezaliwa kwenye mfumo mpya. Namba za aina hiyo husomeka: 25 ni mwaka, 076 ni siku ya 76 ya mwaka, yaani 17 Machi. Kwa hiyo namba inakuambia siku ilipoingizwa, haikuambii siku hela ilipowekwa. Muamala mmoja wa wakala umepita milango miwili.

Ila usiniamini mimi, amini risiti. Jumamosi ile mliweka mara ngapi?

Mhazina wa Kihonda
Mara moja. Risiti ya wakala ninayo, 1,200,000.

Kaunta ya Nyuma
Safi. Kwa hiyo hapo benki imezidisha 1,200,000. Lakini tofauti yako ni 850,000. Maana yake kuna 350,000 iko kwenye daftari lako na benki haipo. Nini hiyo?

Mhazina wa Kihonda
Duh. Kuna mwanachama alirejesha mkopo kwa simu Jumamosi hiyohiyo, 350,000. Nilimwandikia kwa sababu alinionyesha meseji.

Kaunta ya Nyuma
Alituma kwa namba ya zamani?

Mhazina wa Kihonda
Ndiyo, hiyo ndiyo ilikuwa imehifadhiwa kwenye simu yake.

Kaunta ya Nyuma
Benki huwa na jedwali la kuoanisha namba ya zamani na mpya. Muamala ukifika wakati jedwali halijawashwa, unafanya moja kati ya mawili: unarudi kwenye simu ya mtumaji, au unalala kwenye akaunti ya kusubirishia ya benki mpaka mtu aukumbuke. Muulize kwanza kama hela ilimrudia. Isiporudi, peleka benki namba ya muamala iliyo kwenye meseji yake, ndiyo watakayotafutia. Jina na tarehe havitawasaidia.

Kwa wenye miamala mingi, panga Excel safu C iwe Value Date na E iwe kiasi, cha kutoka kiwe na alama ya kutoa:

```
=COUNTIFS(C:C,C2,E:E,E2)
```

Ikitoa 2 au zaidi, chunguza. Usifute. Siku ya mchango watu kumi wanaweza kuweka 50,000 kila mmoja na wote ni halali.

Mzee wa Daftari
Mimi ningejumlisha salio mstari kwa mstari. Kama salio linatembea sawa, hakuna kilichorudiwa.

Kaunta ya Nyuma
Hapana mzee wangu. Muamala uliorudiwa nao umejumlishwa kwenye salio, litatembea sawa kabisa hadi mwisho. Njia hiyo inakamata mstari uliofutwa au ukurasa uliokosekana, siyo uliozidi.

Nyundo ya Sabasaba
Hii chai, tena haina tangawizi. Akaunti mpya humu, mada ya kwanza, namba zinakaa zenyewe kama za mtihani wa darasa la saba: 1,200,000 toa 350,000 ni 850,000. Huyu ni mfanyakazi wa benki anapima kama watu wanajua, au ana hela ya watu anatafuta jinsi ya kuila. Mbona kaulizia "marekebisho" kabla ya kuulizia kosa?

Chawa Mstaafu
Nyundo leo umegonga msumari. Na Jumamosi kuna nini? Mara mbili kaandika "kabla ya Jumamosi", ya pili kaifuta, nimeiona.

Mhazina wa Kihonda
Siyo chai. Nimejiunga jana kwa sababu ya tatizo hili.

Binti Maziwa
Jibu swali la Jumamosi kaka.

Mhazina wa Kihonda
Sawa. Jumamosi tunagawana faida. Mwenyekiti aliona 19,011,000 kwenye simu yake akatangaza kiwango kwa kila hisa kwenye kundi la WhatsApp. Fomu ya kutoa hela nimeshasaini, katibu pia, bado yeye tu. Nisingesaini ningeonekana naficha kitu. Na hela iko akauntini kweli, sijaitunga. Benki wenyewe wameiweka, wiki kadhaa hawajasema neno.

Nyundo ya Sabasaba
Enhee. Sasa imekuwa hadithi.

Kaunta ya Nyuma
Kukaa kimya hakuifanyi iwe yenu. Usuluhisho wa foleni ya wakala utafanyika tu, wataivuta 1,200,000, na masharti ya akaunti mliyosaini kwa kawaida yanawaruhusu kurekebisha kosa lao. Wakiikuta imegawanywa, watakata kwenye akiba za watu.

Na angalia hili vizuri: cha kuzuia Jumamosi ni 1,200,000 nzima. Usizuie 850,000 ukadhani umemaliza. Ile 350,000 haimo akauntini leo, huwezi kuitumia kufidia. Kwa hiyo zilizopo za kwenu ni 17,811,000, mpaka ile nyingine ipatikane.

"Marekebisho ya benki" usiandike. Andika barua mbili, kila kosa na yake, ambatisha risiti na meseji, gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala. Wakikaa kimya ndipo uende Benki Kuu. Benki Kuu watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwenye benki yenyewe.

Mzee wa Daftari
Mwambie mwenyekiti mwenyewe, usimwambie kwenye WhatsApp.

Mhazina wa Kihonda
Nimempigia. Anasema mgao upo palepale, eti tutarudisha wakidai, na akiahirisha watu watasema tumekula. Fomu anayo yeye. Yule mwanachama naye anasema hela haikumrudia, ila meseji ameifuta.

Kaunta ya Nyuma
Aende kwa mtandao wake wa simu akachukue taarifa ya miamala ya Machi, namba itakuwemo. Na wewe andikia benki leo kwamba unaondoa sahihi yako kwenye fomu hiyo.

Mhazina wa Kihonda
Kuondoa sahihi ni kumchongea mwenyekiti. Ngoja niongee na katibu kwanza.

Binti Maziwa
Samahani Kaunta, na mimi ile ya kwangu ilikuwa na FT mwanzoni. Makato ya mkopo yalikatwa mara mbili mwezi ule, niliambiwa ni ya mwezi uliopita. Value Date zinafanana. Nimeibiwa?