Tupeane uzoefu: laptopu ya mtumba ilikuficha nini mpaka ukalipa?

Mnyakyusa_Halisi
Wakuu, naanza na langu. Nimenunua laptopu Mwanjelwa kwa 380,000. Kioo safi, kibodi nimeibonyeza yote kwenye Notepad, kila herufi ikatokea. Betri inasoma 100%. Nafika Tukuyu, umeme hakuna, nikaweka video. Dakika 50, giza. Ndipo nakumbuka dukani chaja haikuchomolewa hata mara moja. Mliopigwa kama mimi njooni.

FundiMafinga
Pole mkuu. Hiyo 100% ni ya kilichobaki. Ndoo iliyotoboka katikati, ukiijaza hadi kwenye tundu imejaa hiyo. Fungua Command Prompt uandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Itakuambia faili imekaa wapi. Ifungue, tafuta DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY, ulete namba.

MamaViazi
Hata simu yangu inazima ikiwa na 30%. Niandike wapi hiyo?

FundiMafinga
Hiyo ni ya Windows tu mama. Simu ipeleke kwa fundi.

Mnyakyusa_Halisi
Ya kwanza 50,020 mWh, ya pili 16,100.

FundiMafinga
Basi umenunua theluthi ya betri. Kwangu namba ya pili ikishuka chini ya 60% ya ile ya kwanza, nahesabu betri mpya ndani ya bei.

Kijana_Miomboni
Mnajisumbua. Mimi kwenye ripoti hiyo naangalia CYCLE COUNT, yaani mizunguko ya kuchaji. Ikiwa 0, betri mpya kabisa.

FundiMafinga
Hapana. Mashine nyingine haitoi hesabu hiyo, inaandika 0 au kistari hata betri ikiwa imechoka. Na betri feki inaweza kuleta namba nzuri tu. Ndiyo maana namba haitoshi: chomoa chaja, mwanga juu, weka video robo saa mkiwa mnapatana bei. Ya huyu ingeshuka kama 30% mbele ya macho yake. Na ikiruka kutoka 40 hadi kuzima ghafla, usiulize bei tena.

DadaKihesa
Yangu ilikuwa na kifuniko kigumu kufunga, muuzaji akasema bawaba bado mpya zinabana. Nikaamini! Baada ya wiki mbili kile kibao cha kuongozea mshale kikagoma kubonyezeka. Fundi akafungua: betri imevimba kama andazi, inasukuma kibao kutoka chini.

FundiMafinga
Iweke kwenye meza iliyonyooka, igonge pembe kwa kidole. Ikiyumba, shuku betri, ingawa hata soli za mpira zikitoka huyumba. Iliyovimba usiichaji, wala usiitoboe. Bawaba nazo zikague: fungua taratibu ukitazama pembeni. Plastiki ikiachana na fremu, misumari imeng'oka, na mara nyingi imeshikizwa kwa gundi.

Kijana_Miomboni
Yangu ina gundi, mwaka wa pili huu inadunda.

FundiMafinga
Una bahati, au huifungui.

Mnyakyusa_Halisi
Betri naambiwa 90,000. Ninunue, au nirudi Mwanjelwa kudai? Risiti sikupewa.

DadaKihesa
Rudi na hiyo ripoti. Hata kama hatarudisha hela yote, atakosa la kusema.

Kijana_Miomboni
Nauli yako tu itaondoka. Nunua betri.