Mrejesho: kuunganisha klipu za droni na za chini, shamba la parachichi

Swali langu lilikuwa: "Droni ikishuka kwenye miparachichi halafu nikaweka klipu ya chini, panaruka vibaya. Nifanyeje?"

Wakuu, imekubali. Kosa la kwanza lilikuwa fremu: droni ilirekodi 30 kwa sekunde, kamera ya chini 25. Ukiziweka kwenye mradi wa 25, programu inatupa fremu tano za droni kila sekunde, ndiyo maana mwendo unakwamakwama. Sasa zote ni 25, shata 1/50, na droni imevaa kichujio cha ND16 kwa sababu ya jua kali.

Kosa kubwa zaidi ni kukata droni ikiwa imeshasimama. Droni iteremke ikisonga mbele juu ya mstari wa miti hadi kama mita 3, bila kufunga breki. Ikishuka zaidi, upepo wa mapanga unatikisa majani na siri inafichuka. Mwenye kamera ya chini aanze kutembea hatua tatu kabla ya pale pa kukata, mstari uleule, uelekeo uleule, na klipu yake ifunguke jani likipita mbele ya lenzi. Kata klipu pale jani linapoziba picha. Atembee polepole kuliko droni, maana vitu vya karibu huonekana kukimbia zaidi.

Rangi: fungia kamera zote 5600K. Ikiachwa otomatiki, inabadilika katikati ya mteremko, majani yanapojaza picha. Vivuli havirekebishiki kirahisi, kwa hiyo rekodini zote mbili ndani ya nusu saa.