Mjadala: "Noblesse oblige" ilikuwa sadaka au kitanzi?

Mpita Njia aliuliza: "Wadau, siku hizi tajiri akikabidhi madawati ya shule anasindikizwa na msemo wa Kifaransa 'noblesse oblige', yaani cheo kinalazimisha. Awali msemo huu ulimtaka mwenye cheo asaidie maskini, au ulikuwa na maana nyingine? Na Kiswahili chake ni kipi?"

Kisiki cha Mpingo
Kiswahili chake tunacho toka zamani: uungwana ni vitendo. Mnahangaika na Kifaransa cha watu bure. Mjadala umefungwa.

Bwana Kinu
Usifunge mapema, mkuu. Maneno hayo yamo katika kitabu cha misemo cha Duki Pierre-Marc-Gaston de Lévis, 1808. Angalia mwaka huo. Ukabaila, yaani cheo cha kurithi, ulikuwa umeshafutwa kisheria tangu 1790, mama yake duki na dada zake wawili walikatwa vichwa 1794, na 1808 hiyohiyo Napoleoni alikuwa akigawa vyeo vipya. Duki anawaambia wenye vyeo wa zamani na wa jana: ukijiita mtu wa daraja, daraja linakubana. Maskini hatajwi popote.

Na kubanwa huko kulikuwa na historia ya kisheria. Kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, kabaila aliyefungua duka la rejareja, au akashika kazi ya mikono kwa ujira, au akakodi shamba la mwenzake alime kwa faida, alihesabiwa amejishusha. Adhabu yake haikuwa kunong'onwa kanisani tu. Jina lake liliandikwa kwenye daftari la walipa taille, ile kodi ya watu wa kawaida, na ili litoke humo alihitaji barua ya mfalme ya kumrudishia daraja.

Mwana wa Lubumbashi
Kinu yuko sawa, na hata sarufi inamuunga mkono. Kitenzi "oblige" kimeachwa bila yambwa: cheo kinalazimisha, basi. Kinamlazimisha nani, afanye nini, hakisemi. Ndiyo maana leo kila mtu anajijazia lake. Kwa Kifaransa cha kila siku bosi akilipia meza nzima bia, mtu atausema huku akicheka.

Ila Kisiki, hilo la "uungwana" tuwekee mbali kidogo. Huku mashariki ya Kongo Kiswahili chetu kiliitwa Kingwana kwa sababu waliokuja nacho walijiita wangwana, na walikuja na bunduki za Tippu Tip. Vitendo vyao tunavijua.

Kisiki cha Mpingo
Haya, methali ya bibi zetu sasa imekuwa mali ya Tippu Tip! Mtu akisema "uungwana ni vitendo" anamwambia mwenzake awe na adabu. Wewe unaingiza misafara ya pembe. Rudi kwenye bia zako.

Mwana wa Lubumbashi
Bia nalipa mwenyewe, asante. Neno lina ukoo wake, hata kama ukoo huo unakuudhi.

Shungi
Jamani, nyote wawili mna nusu. Mwungwana kwa Kiswahili cha zamani cha pwani ni mtu huru, asiye mtumwa. Maana ya adabu na upole ilikuja juu ya hiyo, kwa sababu waliokuwa huru ndio waliojipa sifa ya kuwa na adabu. Lakini wale wangwana wa misafara, kaka wa Lubumbashi, wengi wao walikuwa watumwa au waliokwisha kuachwa huru, na jina hilo walilichukua wenyewe ili wasihesabiwe na washenzi wa bara, kama walivyowaita. Sasa isome tena methali. "Uungwana ni vitendo" ni kauli inayomfaa mtu ambaye hakuzaliwa nao: msiniulize baba yangu nani, nitazameni mimi. Msemo wa Kifaransa umesimama upande wa pili wa mlango. Unamwambia aliyezaliwa nao asije akauaibisha. Ukitafsiri mmoja kwa mwingine umemgeuza msemaji.

Kisiki cha Mpingo
Kwa hiyo methali yetu ni bora kuliko ya duki. Nilisema.

Kepi
Mnapoteza muda na maneno. Wajibu wa wakubwa ulikuwa kufa. Makabaila walisamehewa kodi kwa sababu walilipa kwa damu vitani, na hilo halikuishia Ufaransa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, waliosoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa wa Uingereza, waliokwenda vitani walikufa karibu 1 kati ya 5, wakati jeshi zima la Uingereza ilikuwa karibu 1 kati ya 8. Hapo msemo ulitimizwa.

Fundi Hesabu
Takwimu zako nazikubali, sababu ndiyo siikubali. Luteni kijana ndiye aliyetangulia kutoka handakini, na kwa muda mrefu sare yake ilimtambulisha kwa mpiga risasi wa upande wa pili. Shule zile zilikuwa na mafunzo ya uofisa, kwa hiyo vijana wake walipelekwa moja kwa moja kwenye nafasi hiyo. Hiyo ni nafasi ya hatari waliyopangiwa. Kama kila mmoja wao aliibeba kwa kujiona ana deni, vifo haviwezi kukuambia.

Na hiyo "kodi ya damu" ya Ufaransa mbona unaimeza nzima? Katika karne ya 18 kulikuwa na makabaila wengi ambao hawakushika upanga isipokuwa kwenye picha ya ukutani, na msamaha waliendelea kuufaidi. Tena mtu aliweza kununua ofisi ya ukatibu wa mfalme, akaikalia miaka 20 au akafia humo, na watoto wake wakawa makabaila kamili. Waliokuwa wanamcheka waliiita ofisi hiyo sabuni ya kuoshea ushamba.

Twende kwenye daftari, maana huko ndiko jirani alikoumia. Kwa sehemu kubwa ya kaskazini mwa Ufaransa taille haikuwa asilimia ya kipato cha mtu. Parokia ilipangiwa jumla yake, wanakijiji wakagawana wenyewe. Chukua parokia ya mfano yenye kaya 60 iliyopangiwa livre 1,200, fedha ya Ufaransa ya enzi hizo, kila livre ikiwa sou 20. Tajiri wa kijiji analipa 100. Siku anapopata ukabaila anatoka daftarini, lakini zile 1,200 haziguswi. Kaya 59 zinagawana 100 yake, kila moja inaongezewa karibu livre 1 na sou 14. Kwa kibarua hizo ni siku kadhaa za kazi.

Ndiyo maana jirani ndiye aliyekuwa polisi. Akimwona kabaila anauza nguo kwa kipimo dirishani, ana sababu ya mfukoni ya kumshtaki.

Bwana Kinu
Hapo umegonga penyewe. Nyongeza moja: kusini, kama Languedoc, msamaha ulifuata ardhi, haukumfuata mtu. Kabaila akinunua shamba la daraja la kawaida alilipa kama mwingine. Kwa hiyo "makabaila hawakulipa kodi" ni kauli ya haraka. Hata kaskazini, kabaila alisamehewa alipolima mwenyewe ardhi isiyozidi ile inayolimwa na majembe manne ya kukokotwa. Akiikodisha, mpangaji wake alitozwa, na mpangaji naye aliipunguza kwenye kodi ya shamba aliyokubali kulipa.

Na kitanzi chenyewe kilikuwa na matundu. Kutengeneza vioo hakukumshusha mtu. Biashara ya baharini iliruhusiwa 1669, ya jumla 1701. Jimbo la Bretagne walikuwa na njia ya ajabu zaidi: kabaila alitangaza kwamba ukabaila wake "unalala", akafanya biashara na kulipa kodi kama wenzake, halafu akiacha biashara akatangaza umeamka.

Kepi
Ukabaila unaolala! Na mke wake aliendelea kuitwa bibi mkubwa, au naye alilazwa?

Shungi
Kepi, umekimbia swali la sare.

Mjamaa 67
Hii si ngeni kwetu. Azimio la Arusha lilisema "Cheo ni dhamana", kiongozi asiwe na hisa, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Cheo kilimfungia mtu biashara. Hiyo ndiyo tafsiri mnayoitafuta.

Shungi
"Cheo ni dhamana" ni ya ahadi za mwana-TANU, mzee wangu. Masharti ya hisa na nyumba ndiyo ya Azimio, 1967. Lakini mfano ni mzuri, na tofauti yake iko kwenye dhamana: dhamana umekabidhiwa na mtu, na mwenyewe anaweza kuja kuidai. Duki alikabidhiwa na nani? Na babu zake.

Mjamaa 67
Ahadi, Azimio, wote tuliimba. Mlilegeza masharti Zanzibar 1991, mkaona matokeo.

Kisiki cha Mpingo
"Mli" nani? Wengine tulikuwa tunanyonya.

Mpita Njia
Wakuu, swali langu lilikuwa la maskini. Kulikuwa na wajibu wowote kwa mtu wa chini ambao mkubwa aliweza kudaiwa? Au yote yalikuwa ya kulinda jina?

Bwana Kinu
Ulikuwepo, lakini uutafute kwenye kinu, si kwenye msemo. Chukua koloni la Ufaransa kule Kanada, ambako baba yake huyuhuyu de Lévis alipigana. Bwana wa ardhi alikuwa na haki ya kuwalazimisha wakulima wake wasage kwenye kinu chake, na katika kila minoti 14, kipimo cha nafaka cha huko, kinu kikabaki na 1. Haki tamu, ila mabwana wengi waliishika bila kujenga kinu. Mkulima akabaki anabeba gunia hadi kwa jirani, akijua kwamba siku yoyote bwana wake anaweza kumfuata. Amri ya 1686 ikasema: jenga ndani ya mwaka, ama haki inahama kwa yeyote atakayejenga.

Kwa nini hawakujenga? Piga hesabu ya ardhi yenye kaya 20, kila kaya ikisaga minoti 40 za chakula chake kwa mwaka. Jumla ni 800, fungu la kinu ni 57. Humo utoe mshahara wa msagaji, mawe ya kusagia na matengenezo ya mbawa. Kwa kaya chache kinu kilikuwa hasara, na bwana alilijua hilo. Kwa hiyo wajibu wa kweli kwa mtu wa chini ulikuwa na tarehe ya mwisho na adhabu. Haukumwachia bwana apime mwenyewe ukarimu wake.

Fundi Hesabu
Na msagaji aliyelipwa kidogo mkono wake ulikuwa mzito kwenye kipimo. Minoti ya 14 ilikuja mapema.

Kepi
Lakini wapo waliolisha watu wakati wa njaa bila amri ya mtu. Hao mnawaweka wapi?

Bwana Kinu
Walikuwepo, sikatai. Nadhani hao walikuwa wanatimiza amri ya kanisa ya sadaka, ambayo hata muuza samaki alikuwa nayo. Ukinionyesha ilitokana na daraja lao, nitarudi nyuma.

Mwana wa Lubumbashi
Hapo sikufuati. Mkulima wa wakati wa njaa hakugonga kwa muuza samaki. Alikwenda kwenye lango la jumba, kwa kuwa alijua mwenye jumba angeona haya kufunga. Haya hiyo ndiyo msemo wenyewe, hata kama haukuandikwa kwenye amri.

Shungi
Basi Kiswahili chake kingekuwa "mkubwa ni jalala": kila takataka ya ukoo inaishia kwake, na hawezi kukataa.

Kisiki cha Mpingo
Yaani mkabidhi madawati tumwite jalala mbele ya kamera? Mimi nabaki na uungwana wangu.

Mwana wa Lubumbashi
Kingwana.