Tupeane uzoefu: setingi ya sauti iliyowahi kukukwamishia gemu

Bundi wa Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, jana nimemsaidia mdogo wangu kompyuta yake iliyokuwa inakwama kwenye gemu, nikakumbuka mateso yangu ya zamani. Nikaona nifungue uzi, maana wengi tukiona fremu zinashuka tunakimbilia vivuli na ubora wa picha. Sauti hakuna anayeishuku.

Mimi nilikuwa na mashine ya kori mbili na gemu ya mtandaoni ya vita vya makundi. Nikiwa peke yangu porini, fremu 60 bila shida. Wakikusanyika watu arobaini mahali pamoja, fremu zinaporomoka mpaka 31, na sauti inaanza kukwaruza kama redio iliyopoteza stesheni. Nilipunguza vivuli, nikapunguza nyasi, mwisho nikashusha ukubwa wa picha hadi ikawa ukungu mtupu. Fremu zikabaki 31 zilezile. Hapo ndipo ningeshtuka, kwa sababu ukishusha picha kiasi hicho na fremu zisipande hata moja, kadi ya picha haina kosa. Anayelemewa ni prosesa. Lakini sikushtuka, nikahangaika wiki tatu.

Siku moja nikiwa katikati ya vita nikazima sauti yote kwenye setingi. Sio kushusha volyumu, nazungumzia kuzima mfumo wa sauti wenyewe. Fremu zikapanda mpaka 39 palepale, watu walewale, mahali palepale. Piga hesabu kwa milisekunde ndiyo utaona uzito wake: fremu 31 ni kama milisekunde 32 kwa kila fremu, fremu 39 ni kama 25 na nusu. Sauti peke yake ilikuwa inanilia zaidi ya milisekunde 6 katika kila fremu!

Kuangalia setingi nikakuta chaneli za sauti ziko 128. Nikaweka 64, fremu 34. Nikaweka 32, fremu 37 na mkwaruzo ukaisha kabisa. Nani mwingine yamemkuta?

Dada Fremu

Umenigusa. Mimi wiki mbili nilikuwa nasafisha feni nikidhani ni joto.

Pweza

Chaneli 128 za nini mkuu, una spika 128 nyumbani? Weka stereo tu, spika mbili zinatosha, ukiacha 7.1 ndiyo inakula prosesa.

Bundi wa Usiku

@Pweza hapana mkuu, hizo ni chaneli za aina nyingine. Hapa chaneli ni idadi ya sauti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja: hatua za huyu, upanga wa yule, moto, mvua. Spika ni mahali zinapotokea baada ya kuchanganywa.

Msikivu

Pweza hajakosea kote. Nimefanya kazi ya kuweka sauti kwenye gemu miaka kadhaa, ngoja nieleze kidogo. Kila sauti inayolia inapita njia ndefu kabla hujaisikia. Faili lake limebanwa, kwa hiyo linafunguliwa kwanza. Kama lilirekodiwa kwa kiwango tofauti na kile inachotumia gemu, linabadilishwa kiwango. Kisha inapimwa iko mbali kiasi gani na upande gani, inachujwa kama kuna ukuta kati yenu, ndipo inagawiwa kwa kila spika. Ukiwa na 7.1 mgao huo wa mwisho unakwenda sehemu 8 badala ya 2, kwa hiyo ndiyo, mzigo unaongezeka. Ila kujumlisha namba ni kazi rahisi mno kwa prosesa. Uzito uko kwenye kufungua, kubadilisha na kuchuja, na hizo zinafanyika mara moja kwa kila sauti hata ukiwa na spika moja. Ndiyo maana kutoka 128 kwenda 32 kulimsaidia mwanzisha uzi, na stereo peke yake isingemtoa pale.

Na ule mkwaruzo una maana yake. Sauti inaandaliwa kwa vifurushi. Chukua kifurushi cha sampuli 512 kwenye kiwango cha 48,000 kwa sekunde: prosesa ina milisekunde kama 10 na kidogo kukimaliza. Ikichelewa, spika haina cha kupiga, panabaki pengo. Pengo hilo ndilo mkwaruzo. Kwa hiyo fremu zikishuka na sauti ikikwaruza kwa pamoja, anza kuishuku prosesa.

Kori Mbili

Mi nashusha volyumu ya mazingira mpaka sifuri na inasaidia. Hakuna haja ya kugusa chaneli.

Bundi wa Usiku

Volyumu sifuri haikunisaidia hata fremu moja. Sauti zilikuwa zinaandaliwa zote kisha zinazidishwa na sifuri.

Kori Mbili

Kwangu imesaidia. Usikatae uzoefu wa mtu.

Msikivu

Mnaweza kuwa sahihi wote. Kuna injini zinazoziweka kando sauti zisizosikika: zinaendelea kuhesabiwa ziko wapi na zimefika sekunde ya ngapi, lakini hazichanganywi mpaka zisikike tena. Kwenye injini ya namna hiyo volyumu sifuri inaokoa kazi. Nyingine hazijali. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni kuzima mfumo mzima. Kwenye gemu za injini ya Source unaongeza hii kwenye amri za kuwashia:

```
-nosound
```

Na wale wa Quake III wanakumbuka:

```
set s_khz 22
set s_initsound 0
```

Hiyo `s_initsound 0` inazima sauti yote gemu ikianza. Kwenye `s_khz` unachagua kiwango cha sampuli kwa maelfu: 11, 22 au 44.

Sikio Kali

22?? Hiyo ni kuua gemu. Mimi kifaa changu nimeweka 192,000, usafi wake hauelezeki.

Dada Fremu

Sauti za gemu yenyewe zilirekodiwa ngapi? Kama ni 44,100, hizo zingine 147,900 zinatoka wapi?

Sikio Kali

Zinajazwa kwa ustadi. Usichokisikia wewe mwingine anakisikia.

Msikivu

Hapa nakupinga kwa moyo wote. Kiwango cha 44,100 kinabeba sauti mpaka hetzi 22,050, na sikio la binadamu linaishia karibu 20,000. Unachoongeza juu ya hapo ni kazi tu. Na kuna gemu zinazouliza kifaa kiko kwenye kiwango gani, kisha zinachanganya sauti zote kwa kiwango hicho. Ukiweka 192,000 umezipa kazi mara nne ya 48,000. Mbaya zaidi, kile kichakato cha mwangwi kinachokuja na XAudio2, maktaba ya sauti ya Microsoft, kinakubali kuanzia 20,000 mpaka 48,000 tu. Gemu ambayo haikujiandaa kwa hilo inaweza kukosa sauti au isifunguke kabisa.

Ila kuhusu 22 nakubaliana nawe, inaumiza. Chochote kilicho juu ya 11,000 kinapotea: kioo kinachovunjika, herufi "s" kwenye mazungumzo. Mimi naigusa mwisho, baada ya chaneli na mwangwi.

Fundi Gitaa

Naomba niwasimulie, maana hili la kifaa ndilo lililonitoa machozi.

Ilikuwa fainali ya timu yetu, tumecheza miezi minne kufika pale. Siku mbili kabla nikanunua hedifoni mpya zenye programu yake ya sauti ya kuzunguka. Nikaiwasha. Ndani ya gemu nako kulikuwa na sauti ya hedifoni ya pande zote, nayo nikaiwasha. Na kwenye Windows nikakuta maboresho ya sauti ya dereva, nikaweka tiki zote. Nikidhani nimejipanga kuliko wote.

Raundi ya kwanza shwari. Raundi ya nne, watu wawili wanaingia mlangoni, mabomu ya moshi, risasi, na picha inasimama. Nusu sekunde hivi. Ikirudi nimeshalala chini. Raundi ya sita vilevile. Wenzangu wananiita kwenye hedifoni, "Fundi wako kulia!", na mimi nasikia hatua kushoto na nyuma, kwa sababu sauti iliyokwisha kupewa upande ilikuwa inapewa upande tena juu yake. Tukatolewa. Nahodha hakunisemesha siku mbili.

Usiku ule nikafungua Task Manager huku mechi ya mazoezi ikiendelea. Nikaona mchakato unaitwa Windows Audio Device Graph Isolation, faili lake `audiodg.exe`, uko asilimia 24. Kompyuta yangu ina kori 4. Asilimia 24 ni karibu kori nzima kwa ajili ya mapambo ya sauti! Nikaandika `mmsys.cpl` kwenye dirisha la Run, nikaingia kwenye sifa za hedifoni, nikazima maboresho yote, nikashusha kiwango kutoka 192,000 hadi 48,000. Ikaanguka mpaka chini ya asilimia 1. Gemu haikusimama tena mpaka leo.

Dada Fremu

Pole sana Fundi. Nahodha alikusamehe?

Kori Mbili

Raundi ya nne hukustuka mpaka ya sita? Mngeomba mapumziko.

Fundi Gitaa

Alisamehe. Na mapumziko tulikuwa tumeyatumia.

Mzee wa Kadi

Vijana nunueni kadi ya sauti tu. Enzi za Windows XP nilikuwa na X-Fi, inabeba sauti 128 yenyewe na mwangwi wa EAX juu, prosesa haijui kitu.

Msikivu

Enzi hizo kweli, mzee wangu. Gemu ilikuwa inaikabidhi kadi kazi kupitia DirectSound3D. Vista ilipotoka 2007 njia hiyo ilikuwa imeondolewa, na gemu zikahamishia uchanganyaji kwenye prosesa. Zilizotumia OpenAL ziliendelea kuifikia kadi, lakini gemu nyingi za leo haziulizi kabisa.

Mzee wa Kadi

Na bado kwangu programu ya ALchemy inarudisha EAX kwenye gemu zangu za zamani.

Nuru

Samahani, mimi hedifoni zangu hazina waya, risasi naisikia baada ya kuiona. Nipunguze chaneli ngapi?

Bundi wa Usiku

Hilo ni lingine, dada. Kuchelewa kule kunatoka kwenye kubana, kutuma na kufungua sauti bila waya, chaneli hazitagusa kitu. Jaribu kwa waya uone.

Pweza

Sasa nijuaje kama ni chaneli au ni mwangwi? Nimezima sauti nimeongeza fremu 9.

Msikivu

Tafuta sehemu mbili. Ingia pangoni ukiwa peke yako: fremu zikishuka huko bila watu, ni mwangwi, kwa sababu kwa kawaida unahesabiwa mmoja kwa eneo zima, sauti ziwe tatu au sitini. Kisha nenda uwanja wa wazi wenye watu wengi: zikishuka huko, ni chaneli. Ukipunguza chaneli usizidishe. Zikijaa, gemu inanyamazisha sauti moja ili nyingine ilie, na mara nyingi inayonyamazishwa ni ya mbali au ya chini. Ukianza kushangaa maadui wanakufikia bila hatua zao kusikika, umeshusha mno.

Kori Mbili

Au cheza bila sauti, uweke muziki wako.

Pweza

Nimejaribu. Pangoni fremu 60, uwanjani 42 na chaneli 128. Nimeweka 48, napata 50. Ila kuna mtu kanijia nyuma na sijasikia kitu, sijui ni chaneli au alikuwa ananyata.