Wimbo wa kwaya: stafu mbili au nne, kama nataka PDF, karatasi ya kila sauti na MP3?

kinanda_moro
Wakuu habari za saizi. Nina wimbo wa sadaka nimeutunga, nimeuandika MuseScore 4, sauti nne, beti tatu na kiitikio. Nimeweka stafu mbili kama kwenye vitabu vya nyimbo, soprano na alto juu, tena na besi chini. Sasa nikienda `Parts` nitoe karatasi ya alto peke yake naletewa soprano na alto wote wawili, na kwenye `Mixer` pia wako kitufe kimoja, siwezi kuzima mmoja. Nianze upya kwa stafu nne au kuna njia ya mkato? Kuna jamaa ananiambia nihamie Finale.

besi_mzito
Finale ilishakufa bana, hata mafaili yake hayafunguki saivi. Baki ulipo. Na audio usijisumbue na MP3, toa MIDI, inakuja na kilobaiti chache tu hata bando halisikii.

mwl_nota
@besi_mzito hapo umepatia nusu. Finale imesimamishwa kuuzwa toka Agosti 2024, ila aliyekuwa nayo kwenye kompyuta bado inamfungulia mafaili yake, ye azitoe tu nyimbo zake kwa MusicXML mapema kabla kompyuta haijamfia. Kuhamia leo ndo hakuna maana. Na MIDI haina sauti ndani, ina maagizo tu ya nota ipi ipigwe lini, kwa hiyo sauti inategemea simu ya mtu, na simu nyingi ukiitumia Wasapu inafika kama dokumenti isiyofunguka. MP3 ya dakika tatu ni kama MB 3 tu, hiyo ndo ya kuwatumia wanakwaya.

@kinanda_moro usianze upya. Programu inatoa karatasi kwa kufuata stafu. Kuna sehemu ya kuficha sauti moja ndani ya karatasi ya alto lakini maneno umeyaandika chini ya nota za soprano, ukimficha soprano na maneno yanaenda nae, alto anabaki na nota tupu. Fanya hivi: ongeza stafu mpya tupu ya Alto, iburute ikae katikati ya ile ya soprano na ile ya tena, chagua stafu ya juu kuanzia baa ya kwanza hadi ya mwisho, halafu `Tools` > `Explode`. Alto anashuka kwenye stafu yake. Angalia sana hiyo stafu ya chini iwe tupu kweli, maana ukisahau kuiongeza alto anaenda kukalia nota za tena na kuzifuta (ukiona hivyo Ctrl+Z haraka). Rudia kwa tena na besi.

Maneno: chagua stafu ya soprano, `Tools` > `Copy lyrics to clipboard`, nenda nota ya kwanza ya alto, Ctrl+L, kisha Ctrl+V, Ctrl+V, silabi moja moja. Pale alto anaposhikilia nota ndefu wakati soprano anatembea, silabi zitapishana, rekebisha kwa mkono.

mama_kwaya
Sisi huku hatusomi nota za mistari kabisa, tunaimba do re mi. Hiyo programu inaandika d r m moja kwa moja au mpaka niandike mwenyewe chini kama maneno?

tena_wa_pili
Naongezea kwa upande wa tena maana mie niliteseka. Ikishatoka kwenye stafu ya besi iwekee ule ufunguo wa G wenye nane ndogo chini yake. Ukiweka wa G wa kawaida nota zinaning'inia chini ya stafu, unashawishika kuzipandisha oktavu ili zisomeke, karatasi inapendeza kweli lakini ukisikiliza MP3 tena analia juu ya soprano.

kinanda_moro
Imekubali mwl!! Alto na besi wametoka safi. Ila karatasi kuu imekuwa kurasa nne, zamani ilikuwa mbili, kwaya ina watu wengi na fotokopi tunachangishana.

mwl_nota
Ndo gharama ya stafu nne hiyo. Mimi natunza mafaili mawili, la stafu mbili la kuchapa na la stafu nne la karatasi za sauti na MP3. Ubaya wake ukibadili nota moja ubadili pande zote mbili. Kuhusu MP3 za mazoezi, usiwazime wengine wote, mwache alto juu, wengine washushe kwenye `Mixer` wasikike kwa mbali, ndipo utoe kwa `File` > `Export` ukiwa umechagua `Main score`. Akizoea kujisikia peke yake anapotea siku ya kuchanganya.

besi_mzito
Mafaili mawili mi siwezi, nitachapa stafu nne kurasa mbili kwa karatasi moja, wenye macho wasome.

mama_kwaya
Jamani do re mi yangu?

mwl_nota
Mama kwa sasa mimi naziandika kwa mkono kama mstari wa pili wa maneno. Kama kuna mwenye njia nyepesi atuambie.